Nilisema suti, fundi akashona sketi

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 22, namsaidia baba dukani hapa Nyakato, Mwanza. Dada yangu ana sendofu wiki tatu zijazo. Baba alitoa yadi 12 za kitenge tuvae sare wanaume watatu wa nyumbani: yeye, mimi na mdogo wangu. Siku hiyo duka lilijaa watu, sikwenda kwa fundi mwenyewe. Kitenge nilimpa boda, ujumbe nikautuma kwa simu. Nauandika kama ulivyo:

"Fundi habari. Kitenge kinakuja na boda. Nishonee suti ya dogo, shati langu na shati la mzee. Dogo ana miaka 13 ni mwembamba. Langu saizi 40. La mzee kama lile la siku ile. Nataka Ijumaa."

Akajibu "Sawa bosi" na dole gumba. Nikamtumia elfu 30 ya kuanzia, kati ya elfu 60. Ijumaa nimekuta sketi ndefu na blauzi ya mikono ya puto, ndiyo suti ya dogo. Shati langu halifungi kifuani. La mzee lina mikono mifupi, na yeye alitaka mirefu. Zimebaki yadi 3. Dogo amelia, baba kasema hatoi hata shilingi, na fundi anataka elfu 30 yake, anasema ameshona nilichomwambia. Nani mwenye kosa? Na nguo zinaokoka?

Mtoto wa Dukani, Nyakato

*

Marahaba mwanangu. Pole, na mpe pole dogo pia.

Zinaokoka, karibu zote. Lakini leo usimruhusu mtu afumue uzi hata mmoja, na zile yadi 3 zifungie kabatini. Najua mama yako au shangazi yako keshaziona na ana wazo la kitambaa cha meza. Mwambie asubiri.

Nilikaa kwenye cherehani miaka 18, kwenye baraza ya duka la mtu pale Makoroboi, kabla macho hayajaanza kunisumbua. Kwa hiyo nitakujibu kama fundi kwanza, halafu kama mama.

Tuanze na shati lako. Fundi atataka kulifumua ubavuni ili alipanue, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Ligeuze ndani nje uangalie kitambaa kilichoachwa nje ya mshono. Mafundi wengi wa mashati huacha nusu inchi tu. Tuseme huyu alikuwa mkarimu akaacha inchi nzima. Ubavu una pande mbili, na kila upande una kingo mbili zilizoshonwa pamoja. Kila ukingo ukitoa nusu inchi, unapata inchi 2 tu. Kama shati lilikatwa kifua 40, litafika 42. Mwili wako ukiwa na kifua cha 40, shati la kukaa vizuri linataka 44, ili upumue, ule pilau na kunyanyua mikono wakati wa kucheza. Kwa 42 vifungo vitafunga, lakini ukikaa vitavutika na kuacha mianya. Tena alama za sindano za mshono wa kwanza zitabaki zinaonekana, hasa kitenge kikiwa cheusi au cha rangi ya bluu iliyokolea.

Kwa hiyo shati hilo usilipanue. Lifanye la dogo.

Nguo kubwa inapunguzwa, ndogo ndiyo kazi. Dogo wako wa miaka 13, mwembamba, akipimwa pengine atakutwa na kifua cha inchi 30 hivi, kwa hiyo shati lake litataka 34. Kutoka 40 kushuka 34 kitambaa kipo cha kutosha. Shida ni shingo, na hapo ndipo mafundi wanaokimbia kazi huharibu. Tundu la shingo la shati lako ni pana kuliko shingo ya mtoto. Fundi akipunguza ubavu tu na kuacha shingo, dogo atavaa shati lenye kola ya baba yake. Dawa yake ni hii: mikono na kola vibanduliwe, shati lilazwe upya mezani, na fundi akichora chaki ashushe bega jipya kama inchi 2 chini ya bega la zamani. Urefu wa kupoteza upo, maana shati la mtu mzima lina inchi 29 au 30, na mtoto wa umri huo anahitaji 25 au 26. Akishuka hivyo, shingo mpya ndogo inalimeza tundu la zamani na hakuna mwanya unaobaki. Kola ikatwe upya kutoka kwenye mabaki ya mikono. Halafu waangalie matundu ya vifungo: la juu kabisa huenda likakatwa pamoja na bega, na la pili likawa ndilo la juu. Hakuna atakayejua.

Zile yadi 3 sasa zina kazi. Shati la mikono mirefu la mwanaume wa kimo chako linakula yadi 2 na nusu za kitenge, ambacho upana wake kwa kawaida ni inchi 46 hivi. Hilo ndilo shati lako jipya. Inabaki nusu yadi, inchi 18, tutaijia.

Suruali ya kitenge ya dogo isahau. Ninyi wawili mtavaa mashati ya kitenge juu ya suruali za kawaida, sivyo? Basi naye avae suruali nyeusi, mtafanana zaidi kuliko kama angevaa kitenge juu na chini peke yake. Mlitaka sare, na hiyo ndiyo sare.

Sasa nirudi kwenye ule ujumbe, maana umeniuliza nani mwenye kosa.

Nimeusoma mara tatu nikijifanya nimekaa tena Makoroboi, kitenge kimetupwa mezani na boda ambaye hakuzima hata pikipiki. Nasoma "suti". Kwa fundi wa vitenge, suti ni nguo ya mwanamke: sketi na blauzi, au siku hizi suruali na blauzi, za kitambaa kimoja juu na chini. Mwanamke akileta kitenge na kusema "suti", hatumuulizi ni nini, tunamuuliza mshono gani. Suti ya mwanaume ni koti na suruali, na inakuja na kitambaa kingine kabisa, kizito, pamoja na bitana. Ile ya wazee, ya mikono mifupi na mifuko, tunaiita Kaunda suti, kwa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia aliyependa kuivaa. Kwa hiyo kitenge pamoja na neno suti, mkono wa fundi umeshaenda kwenye sketi kabla hajamaliza kusoma sentensi.

Utasema, lakini niliandika "dogo". Kweli, mtaani dogo mara nyingi ni wa kiume. Ila wapo wanaowaita hivyo hata wadogo zao wa kike, na Kiswahili chetu hakikumsaidia fundi. "Ana miaka 13, ni mwembamba": hapo hakuna neno hata moja linalosema ni mvulana au msichana. Alikuwa na neno moja linalovutia huku na moja linalovutia kule, na lile la kazi yake likashinda.

Kuna kitu kimenigusa zaidi. Kwangu umeandika "sare wanaume watatu wa nyumbani". Maneno matano tu. Fundi hakupewa hata moja kati ya hayo. Angejua ni sare, angejua zote zinatakiwa kufanana. Angejua ni wanaume watatu, sketi isingezaliwa. Wewe ulikuwa nalo kichwani tangu baba yako alipokukabidhi kitenge, na kitu kikikaa sana kichwani mtu huona kama tayari amekisema.

Twende kwenye 40. Hebu niambie, namba hiyo uliitoa wapi? Nahisi uliisoma kwenye lebo ya shati lako zuri, pengine la mtumba la Mlango Mmoja. Kama ni hivyo, 40 ile si kifua. Mashati mengi ya kola yanaandikwa kipimo cha shingo, na yale yanayopimwa kwa sentimita huandikwa 38, 40, 42. Sentimita 40 ni kama inchi 15 na robo tatu, shingo ya kawaida ya mwanaume. Kwenye koti, 40 huwa ni kifua kwa inchi. Kwenye suruali ni kiuno. Kwenye kiatu, unajua mwenyewe. Fundi wetu anafanya kazi kwa inchi, akaona 40, akaweka kifua.

Hata kama ungekuwa umejipima kifua ukapata 40 kweli, bado kuna swali moja: ni 40 ya mwili au 40 ya nguo? Fundi akiona ni ya mwili anaongeza inchi 4 za nafasi. Akiona ni ya nguo anakata hapohapo. Mteja akija dukani hakuna utata, fundi anazungusha tepu mwilini na anajua mwenyewe cha kuongeza. Namba ikija kwa simu, haina mwili. Wako aliichukua kama ya nguo.

Na "lile la siku ile" la mzee! Mwanangu, fundi anashona mashati mangapi kwa mwezi? Yeye pia ana siku ile yake. Labda mzee wako aliwahi kumpelekea shati la mikono mifupi la shughuli nyingine, na ndilo lililobaki kichwani. Siku haina vipimo. Shati lenyewe linavyo, na lilikuwa limetundikwa nyumbani kwenu. Boda alikuwa anakuja kule kule na kitenge, angelibeba.

Hayo ni yako. Na yeye je? Yeye kosa lake ni lile "sawa".

"Sawa" ya fundi haimaanishi ameelewa. Inamaanisha ameupata ujumbe wako, hataki kukuudhi, na anataka elfu 30 ya kuanzia. Sisi mafundi tuna aibu fulani: tukiuliza sana, mteja ataona hatujui kazi. Wewe tena ni mtoto wa mwenye duka, unaitwa bosi, nani atakuuliza "dogo ni wa kike au wa kiume"? Anaona heri abahatishe. Ongeza na hili usiloliona ukiwa Nyakato: katika vibanda vingi anayesoma simu siye anayekata. Fundi anasoma, anaandika kwenye kikaratasi "suti, dogo, 13, mwembamba", anakibana na pini kwenye kitenge. Jioni kijana wake anachukua mkasi na kufuata kikaratasi. Kila hatua ujumbe unapungua maneno, na wako ulianza na machache.

Simsemi mwenzangu nikajiacha. Mwaka mmoja, simu hazijawa mikononi mwa kila mtu, nililetewa vitambaa vya kwaya kutoka Nansio, Ukerewe, vimekuja na meli pamoja na karatasi ya daftari. Nguo 14. Vipimo vya kila mtu viliandikwa vizuri sana, mwandishi alikuwa mwalimu. Mwisho pameandikwa: "mikono robo". Nikakata mikono mifupi ya robo, ile inayofunika bega tu, yote 14, usiku mmoja, najisifu kwa kasi. Kumbe walitaka robo tatu, inayofika chini ya kiwiko. Kwao hata haikuhitaji neno "tatu", maana ndiyo mikono pekee waliyovaa miaka yote. Mimi nililiona lile neno, nikashtuka kidogo, nikajiambia mwalimu hakosei. Kule kushtuka kidogo ndiko nilikopaswa kukusikiliza. Meli ilikuwa inarudi kesho yake, ningeandika mstari mmoja tu. Tuliunga vipande vya kitambaa cheupe chini ya mikono, wakavaa, wakaimba. Mwenyekiti wao hakunisalimia tena mpaka nikahama.

Basi kosa limegawanyika. Nikiwa hakimu ningesema wewe una sehemu kubwa kwenye suti na kwenye 40, yeye ana sehemu kubwa kwenye shati la mzee, maana "siku ile" ni neno ambalo fundi yeyote alipaswa kulirudisha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema watu wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Ninyi mlikubaliana neno tu, kila mtu na maana yake. Lakini hakuna mtu wa kwenda mahakamani kwa sketi. Mlipe elfu 30 yake kwanza, mkononi, bila kununa, ndipo mzungumze marekebisho. Fundi aliyelipwa anakata vizuri. Fundi unayemdai na anayekudai atakuweka chini ya rundo, na wiki tatu zitaisha unaambiwa "njoo kesho".

Halafu mpatane hivi, ukitaka kunisikiliza. Shati lako jipya umlipe elfu 10 badala ya 15. Kupunguza lile la dogo elfu 5. Mikono ya mzee asitoze, hilo ni lake. Jumla elfu 15 kutoka mfukoni mwako, si kwa baba.

Na ile sketi na blauzi ni mali, usiiangalie kama aibu. Sendofu haikosi binti wa ukoo wa miaka 13 au 14, mwembamba, ambaye mama yake bado hajajua atamvisha nini. Mtafute wiki hii. Mama yake akirudisha elfu 30 ya ufundi, umelipa elfu 15 ya marekebisho na umebaki na elfu 15 ya kuanzia suruali ya dogo. Kitambaa mwachie kama zawadi ya mzee. Binti ajaribu kwanza kabla hamjapatana bei, maana ile nguo ilikatwa kwa kubahatisha na haina mwili uliopimwa.

Hapo inakuja mikono ya mzee, na hapa lazima mzee achague mwenyewe. Mkono mrefu wa shati unataka kipande cha urefu wa inchi 24 hivi, na nusu yadi iliyobaki ina inchi 18 tu. Haufiki. Njia ya kwanza ni kuunga: mkono mfupi uliopo ubaki, uongezwe kipande cha chini na kafu kutoka kwenye ile nusu yadi. Mshono utapita juu kidogo ya kiwiko. Kitenge chenye maua mengi kitauficha, chenye michoro mikubwa iliyotulia hakitauficha. Njia ya pili ni kufumua sketi, ambayo ina urefu wa kutosha mikono miwili bila kiungo. Ila tazama mchoro wa kitenge: kama una ndege au mti wenye juu na chini, mikono lazima ikatwe ikielekea upande mmoja na shati, vinginevyo mzee atakuwa na ndege wanaoanguka kichwachini. Na ukifumua sketi, yule binti hana nguo tena, wala ile elfu 30 hairudi. Njia ya tatu ni mzee kuvaa mikono mifupi.

Mpelekee kama hesabu ya duka: "Baba, mikono mirefu bila kiungo ina bei ya elfu 30." Namfahamu mwenye duka hata bila kumwona. Atauliza kiungo kinaonekana kiasi gani.

Mtu anaweza kukushauri ununue yadi nyingine ya kitenge kilekile. Jaribu, lakini usitegemee. Piga picha pindo la kitambaa, kwenye ukingo, pale panapoandikwa jina la kiwanda na mara nyingi namba ya mchoro, upite nayo kwa wauzaji wa Makoroboi. Ukikipata, kiweke pembeni ya kile cha kwanza juani, nje ya duka. Mchoro unaweza kuwa uleule na rangi ikawa imetoka pipa jingine, na taa ya dukani haitakuonyesha.

Sasa ujumbe mpya. Ungekuwa na nafasi ningekwambia uende na dogo na mzee mkapimwe, na kwa dogo hilo silegezi, lazima aende. Lakini kwa shati lako unaweza kupima nguo badala ya mwili, ukiwa na shati linalokukaa vizuri. Hilo la mtumba. Lifunge vifungo, lilaze juu ya meza, linyooshe kwa kiganja. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, inchi moja chini ya mshono wa kwapa, kisha zidisha mara mbili. Pima mgongoni kutoka mshono wa bega hadi mshono wa bega. Pima mkono kutoka mshono wa bega hadi mwisho wa kafu. Pima urefu mgongoni kutoka chini ya kola hadi pindo. Fungua kola, pima kutoka katikati ya kifungo hadi katikati ya tundu lake. Angalia uko upande gani wa tepu, maana upande mmoja una inchi 60 na wa pili una sentimita 150, na watu wenye akili zao wamewahi kuchanganya.

Halafu andika hivi, namba ukiweka zako:

"Fundi, hizi ni sare za sendofu, wanaume watatu, mashati ya kola yanayofanana. Shati langu jipya litoke kwenye yadi 3 zilizobaki. Vipimo ni vya NGUO, si mwili, inchi: kifua 44 kuzunguka, mabega 18 na nusu, mkono 24 na nusu, urefu 29, kola 16. Mikono mirefu yenye kafu, mfuko mmoja kushoto. Kitenge nimeshakiloweka na kukianika. Shati la zamani la 40 litapunguzwa liwe la mdogo wangu wa kiume, tunakuja naye Jumatatu saa 3 asubuhi umpime. Usikate kitu kabla hatujaja. Tafadhali niandikie kwa maneno yako utakata nini na nini."

Kuhusu kuloweka usipuuze. Kitenge cha pamba kinarudi kikifuliwa mara ya kwanza, na kikirudi hata kwa asilimia 3, kifua cha 44 kinapoteza zaidi ya inchi moja. Unashona leo linakaa, unafua kesho linabana, halafu unarudi kumgombeza fundi kwa kosa la maji. Kata pembe ndogo ya mabaki uiloweke kwanza peke yake, uone kama rangi inatoka. Mashati yaliyokwisha kushonwa hayajaloweshwa, kwa hiyo dogo aongezewe inchi moja kifuani, liwe 35.

Ile sentensi ya mwisho ya ujumbe ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo, hata mimi nilikuwa nasema ndiyo. Muombe akurudishie. Akiandika "shati lako, la dogo na sketi ya mzee", utacheka, lakini mkasi utakuwa bado ukutani.

Na hii si elimu ngeni kwako. Mtoto akitumwa dukani kwenu akasema "nipe mafuta", unampa nini? Humpi kitu. Unamuuliza: ya kula, ya taa au ya kujipaka? Ya kula, ya kupima au ya chupa? Ya shilingi ngapi? Unafanya hivyo kutwa nzima bila kuona aibu na bila mteja kuona hujui biashara. Siku ile ulipokuwa wewe ndiye mteja, ukasema "nipe mafuta" ukarudi kwenye foleni ya watu wako.

Jumatatu nendeni asubuhi kweli, kama nilivyoandika. Mpe dogo avae lile shati la 40 hivyo hivyo lilivyo kubwa, asimame wima, na fundi aweke pini mabegani akiwa amevaa. Pini zikishawekwa, omba apige chaki mbele yenu. Mkifika jioni, baraza imeshaingia giza, na chaki kwenye kitenge cheusi haionekani.